Upanga Wenye Kutu kwa Kirusi: Ndani ya Kazi ya Kufasiri Gemu

Mwaka 2005, gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas ilipotoka kwa ajili ya kompyuta, Urusi ilikuwa na soko kubwa la nakala za wizi. Ndani ya baadhi ya nakala hizo mlikuwa na Kirusi kilichotiwa haraka, na kwa dalili zote kilitoka kwenye mashine. Katika gemu hiyo, mchezaji akiuawa, skrini hufifia na neno moja la Kiingereza hutokea: `Wasted`. Kwa lugha ya mitaani ya Marekani maana yake ni kwamba umemalizwa. Nakala ya wizi iliandika `Потрачено`, inayotamkwa "potracheno", yaani "imetumika", kama mtu anavyosema fedha zimetumika. Warusi waliligeuza neno hilo kuwa utani, na mpaka leo hulibandika kwenye picha za mtu aliyeteleza au aliyeshindwa vibaya.

Potracheno si neno lililobuniwa. Kamusi inakubali kwamba tendo hilo la Kiingereza lina maana ya kutumia au kupoteza. Kilichokosekana ni skrini yenyewe. Aliyefasiri, awe mtu au mashine, alipewa neno peke yake bila kujua linatokea wapi, linasemwa na nani na kuhusu nini. Tangu hapo kazi imeboreka sana, lakini shida hiyo haijaondoka. Kwa Kirusi inauma kuliko kwa lugha nyingi, kwa sababu mbili: sarufi ya Kirusi hutaka kujua kama anayesema ni mwanamume au mwanamke, na maneno ya Kirusi mara nyingi hayatoshei katika visanduku vilivyochorwa kwa ajili ya Kiingereza.

Mfasiri wa gemu kwa kawaida haoni gemu. Anapokea jedwali. Safu ya kwanza ina jina la siri la kila mstari, ambalo programu hulitumia kuuita mstari huo. Ya pili ina Kiingereza, na ya tatu iko wazi kwa ajili ya Kirusi. Akiwa na bahati, ipo safu ya nne yenye kikomo cha herufi na ya tano yenye maelezo mafupi. Mistari haifuati mtiririko wa hadithi. Huenda imepangwa kwa alfabeti ya yale majina ya siri, hivyo jibu la mhusika likawa mstari wa 40 na swali lililojibiwa likawa mstari wa 2,300. Gemu yenyewe aghalabu bado inajengwa, na sura za wahusika hazijachorwa.

Sasa chukua mstari mmoja wa mazungumzo. Mhusika anakutana na mchezaji aliyepotea kwa muda mrefu, na Kiingereza kinasema:

```
I was sure you were dead. Where have you been?
```

Kwa Kiswahili tungesema, "Nilidhani umekufa. Ulikuwa wapi?" na kazi ingekwisha. Kiswahili hakiulizi kama aliyesema ni baba au mama, wala kama aliyerudi ni kaka au dada. Kirusi huuliza, hasa katika wakati uliopita. Kitenzi cha wakati uliopita katika umoja hubeba jinsia ya mtendaji mwishoni mwake: mwanamume husema "ya byl", nilikuwa, na mwanamke husema "ya byla". Sifa nazo hufuata: mwanamume ana uhakika akiwa "uveren", mwanamke akiwa "uverena". Katika ule mstari mfupi mna sehemu nne zinazodai jinsia, mbili za msemaji na mbili za msikilizaji. Wote wawili wakiwa wanaume, Kirusi kitakuwa hivi:

```
Я был уверен, что ты умер. Где ты был?
```

Wakiwa wanawake wawili:

```
Я была уверена, что ты умерла. Где ты была?
```

Na kwa kuwa katika gemu nyingi mchezaji ndiye anayechagua jinsia ya shujaa wake, na mstari huohuo unaweza kutamkwa na mwanakijiji yeyote, mwanamume au mwanamke, mstari mmoja wa Kiingereza unazaa minne ya Kirusi. Jedwali lina nafasi ya mmoja tu.

Mfasiri asiye makini huandika umbo la kiume na kuendelea. Matokeo yake ni kwamba msichana aliyechagua shujaa wa kike huambiwa kwa saa 40 kwamba "amekuja" kiume, "amechoka" kiume na "ameshinda" kiume. Wengine huweka mabano, kwa mfano `получил(а)`, kama fomu ya benki. Msomaji wa Kirusi huelewa, ila papo hapo hukumbuka kwamba mbele yake mna programu, si mtu anayezungumza. Kwa maoni yangu mabano ni kosa baya zaidi kuliko umbo la kiume. Umbo la kiume humkosea mchezaji mmoja, lakini mabano huharibu mazungumzo kwa wote.

Fundi mzuri hutafuta njia ya tatu. Kirusi kina hazina kubwa ya sentensi zisizo na mtendaji. Badala ya "nilikuwa na uhakika" unaweza kusema "mne kazalos", yaani "ilinijia akilini hivi", ambapo kitenzi kimesimama peke yake na hakimfuati mtu. Badala ya "umekufa" unaweza kusema "tebya net v zhivykh", wewe humo miongoni mwa walio hai, na hapo jinsia haina pa kushika. Swali la mwisho nalo lina msemo wa kienyeji kabisa, "gde tebya nosilo", kama kusema ni upepo gani uliokuwa ukikupeperusha. Ukiviunganisha:

```
Мне казалось, тебя нет в живых. Где тебя носило?
```

Msemaji anaweza kuwa yeyote, na msikilizaji vilevile. Kimasikio ni Kirusi hai, pengine hai kuliko tafsiri ya neno kwa neno. Lakini kuna gharama. Kiingereza kilikuwa na herufi 46, tukihesabu nafasi na alama. Umbo la kiume la Kirusi lina 38. Huu mstari usio na jinsia una 48. Kikomo kikiwa 48, umetoshea kwa unywele. Kikiwa 45, mfasiri anarudi mezani. Isitoshe, "gde tebya nosilo" ina ladha ya kukaripiana kirafiki. Inamfaa rafiki au shangazi, lakini padri mkuu akimwambia mfalme hivyo, mchezaji atashangaa.

Kwa padri huyo kuna kimbilio jingine. Kirusi kina "ty" kwa mtu wa karibu na "vy" kwa mtu wa kuheshimiwa, na "vy" hubeba vitenzi vya wingi, ambavyo havina jinsia. "Gde vy byli?" huweza kumwelekea mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana maelekezo na arifa za gemu kwa Kirusi mara nyingi humwita mchezaji "vy". Ila mama hawezi kumwita mwanawe "vy", wala askari wawili waliolala handaki moja hawawezi kuitana hivyo, na "vy" haimsaidii msemaji anapojitaja mwenyewe.

Pale ambapo hila za lugha zinaisha, lazima programu isaidie. Mfano unaojulikana ni World of Warcraft, iliyotoka rasmi kwa Kirusi mwaka 2008. Gemu hiyo ina alama ndogo inayoiambia programu ichague umbo kulingana na jinsia ya mchezaji:

```
Ты $gготов:готова;?
```

Maana yake ni "Uko tayari?" Shujaa akiwa wa kiume, skrini huonyesha neno la kwanza, na akiwa wa kike huonyesha la pili. Alama hiyo ilikuwamo tangu kwenye Kiingereza, kwa ajili ya maneno machache kama "kijana" na "binti", lakini Kirusi huihitaji kila baada ya sentensi chache. Katika toleo hilo la Kirusi waliongeza jambo ambalo mzungumzaji wa Kiingereza asingelifikiria. Jina la mtu kwa Kirusi hubadili mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Masha akija ni Masha, ukimwona ni "Mashu", ukimpa kitu ni "Mashe", ukienda naye ni "s Mashey". Kwa hiyo mchezaji anapounda mhusika katika toleo la Kirusi, gemu humpendekezea maumbo mengine ya jina lake na kumruhusu ayasahihishe.

Alama hizi hazitatui kila kitu. Mstari ukiwa umerekodiwa kwa sauti, maumbo mawili yanamaanisha mwigizaji asimame mbele ya maikrofoni mara mbili, na studio ilipe mara mbili. Hapo mhariri humrudia mfasiri na kumwomba sentensi isiyo na jinsia kwa kila namna.

Kuna wahusika ambao majina yao yenyewe yana ugomvi na sarufi. Katika mfululizo wa Darksiders, ulioanza mwaka 2010, shujaa wa kwanza anaitwa Vita na wa gemu ya pili anaitwa Kifo. Wote ni wanaume wenye mabega mapana, wawili kati ya wapanda farasi wanne wa mwisho wa dunia. Kwa Kirusi "voyna", vita, na "smert", kifo, ni maneno ya kike, na katika masimulizi ya Warusi kifo ni mwanamke. Ukiandika "Vita amerudi" kwa kufuata neno, shujaa anakuwa mwanamke. Ukimfuata mtu, sentensi inakwaruza sikio. Tiba yake ni kumtanguliza "vsadnik", mpanda farasi, ambalo ni neno la kiume. Hilo hubeba upatanisho wote, na jina hufuata nyuma likiwa salama. Mfasiri atamudu hivyo pale tu penye nafasi ya herufi nane zaidi, kwa kuwa "vsadnik" ina saba na nafasi moja.

Tukiacha watu na kuingia kwenye vitu, wasomaji wa Kiswahili watajiona nyumbani. Gemu za mapigano na hazina huwa na mamia ya silaha na nguo, na waundaji hawaandiki kila jina kwa mkono. Wanaandika orodha ya sifa, kama "yenye kutu", "ya barafu", "ya kale", na orodha ya vitu, kisha programu inaviunganisha. Kwa Kiingereza `Rusty` hukaa mbele ya kitu chochote bila kubadilika. Sisi tunajua mara moja kwamba hilo halitakwenda: upanga wenye kutu, rungu lenye kutu, viatu vyenye kutu. Sifa hufuata ngeli. Kirusi nacho kina jinsia tatu za nomino, na wingi wake, kwa hiyo sifa hiyohiyo ina sura nne:

```
ржавый меч
ржавая булава
ржавое копьё
ржавые сапоги
```

Ni "rzhavy mech", upanga, neno la kiume; "rzhavaya bulava", rungu, la kike; "rzhavoye kopyo", mkuki, ambalo si la kike wala la kiume; na "rzhavye sapogi", buti, za wingi. Ikiwa jedwali lina kisanduku kimoja tu cha sifa, vitu vitatu kati ya vinne vitatoka na kasoro.

Dawa ya kweli ni kwamba kila kitu kiandikwe jinsia yake kwenye orodha, na kila sifa iwe na maumbo manne. Hilo ni la mwandishi wa programu, si la mfasiri. Akikataa, mfasiri huhamisha sifa nyuma ya nomino na kuigeuza iwe ya umilikaji. Badala ya "upanga wa kidubu" huandika "upanga wa dubu", "mech medvedya", na "medvedya" haibadiliki iwe inafuata upanga, rungu au mkuki. Kwa kutu njia hiyo haifai, lakini kwa dubu, simba, dhoruba na barafu inafaa sana, na majina hupata uzito wa kale unaopendeza.

Halafu kitu kilichopewa jina huingizwa ndani ya sentensi, na hapa kuna mtego ambao wengi hunaswa nao. Arifa ya Kiingereza inasema umepata, kisha jina la kitu linapachikwa. Mfasiri anaandika "Vy poluchili", umepata, kwa ile "vy" isiyo na jinsia, kisha nafasi ya kitu. Anajaribu na upanga: "Vy poluchili mech". Sawa. Mkuki: "Vy poluchili kopyo". Sawa. Buti: sawa. Anaridhika. Wiki kadhaa baadaye mchezaji anaokota rungu na skrini inasema "Vy poluchili bulava", na kila Mrusi anajikunyata, kwa sababu kitu kinachotendwa kikiwa neno la kike la namna hiyo lazima kigeuke "bulavu". Maneno ya kiume ya vitu visivyo na uhai, yale yasiyo na jinsia, na wingi wa vitu visivyo na uhai hubaki na sura ileile yakiwa yanatendwa, basi hufunika kosa. Ni rungu, kofia ya chuma ikiitwa "kaska", na deraya ya chuma ikiitwa "kolchuga" ndizo zinazofichua. Mjaribu gemu anayeijua kazi hukimbilia kuokota vitu vya kike kwanza.

Njia ya kawaida ya kuukwepa mtego huu ni nukta mbili: `Получено: булава`. Yaani "kimepatikana", kisha jina likiwa katika sura yake ya kamusi. Ni kavu, lakini ni sahihi kwa kila kitu, na ukicheza gemu kwa Kirusi utaona nukta mbili hizo kila mahali. Idadi nayo ina kanuni yake: sarafu 1 ni "moneta", 2 ni "monety", 5 ni "monet", na 21 hurudi kuwa "moneta". Mifumo ya kisasa hushughulikia hesabu hiyo vizuri endapo studio itakumbuka kuiwasha.

Baki suala la nafasi. Kitufe cha `Save` kina herufi nne, na Kirusi chake, `Сохранить`, kina tisa. `Use` ina tatu, na `Использовать` ina kumi na mbili. Kwenye kitufe mfasiri hana sentensi ya kuichezea, kwa hiyo hutafuta kisawe kifupi au hukata neno na kuweka nukta. Na kuna kikomo kilichojificha ambacho jedwali halikitaji. Kompyuta huhifadhi herufi ya Kilatini kwa baiti moja, lakini katika mfumo wa UTF-8, ambao ndio umeenea, herufi ya Kirusi huchukua baiti mbili. Mwandishi wa programu akitenga baiti 32 kwa jina la kitu, Kiingereza kinapata herufi 32 na Kirusi 16. Dalili yake ni jina linalokatika ghafla na kumalizikia kwa alama isiyosomeka, kwa sababu herufi ya mwisho imepasuliwa katikati.

Tuseme kikomo ni herufi 20, na kitu ni chupa kubwa ya dawa ya kichawi ya kuponya:

```
Great Healing Potion       20
Большое зелье исцеления    23
Большое зелье лечения      21
Большое зелье жизни        19
```

Tafsiri ya kwanza, ile yenye neno zuri la uponyaji, imezidi kwa tatu. Ya pili, yenye neno la kawaida la matibabu, imezidi kwa moja, na herufi moja hiyo inaweza kula nusu siku. Kufupisha "bolshoye", kubwa, kuwa `Бол.` hakufai, kwani "bol" kwa Kirusi ni maumivu, na hakuna anayetaka dawa ya kuponya inayoanza kwa maumivu. Ya tatu, "dawa kubwa ya uhai", inaingia. Kabla ya kuikubali, mfasiri anapaswa kutafuta mambo mawili katika jedwali zima. La kwanza: je, kuna kitu kingine kinachoitwa cha uhai, ambacho mchezaji atakichanganya na hiki? La pili: je, kuna uwezo wa kichawi uitwao uponyaji, na mahali fulani gemu inasema kwamba uwezo huo huzipa nguvu dawa zote za uponyaji? Ukibadilisha jina la chupa, mchezaji hatajua kwamba sheria hiyo inaihusu. Na ukiibadilisha chupa kubwa, ndogo na ya kati lazima zifuate, hata kama zilikuwa zinatoshea tangu mwanzo.

Ubora wa kazi hii hauonekani kwenye jedwali. Huonekana gemu inapochezwa kwa Kirusi mwanzo hadi mwisho mara mbili, kwa shujaa wa kiume na kwa shujaa wa kike, na mtu akiwa na daftari. Anatafuta kitenzi kilichokosea jinsia, jina lililokatika, neno lililotoka nje ya kitufe, na herufi `ё` iliyogeuka kisanduku kitupu kwa kuwa aliyechora herufi za gemu aliisahau. Studio zenye busara hufanya jaribio jingine mapema zaidi: kabla tafsiri haijaanza, hujaza gemu maandishi ya bandia ya Kisirili yaliyorefushwa kwa karibu theluthi moja, ili vitufe vyembamba vijulikane wakati bado vinaweza kuchorwa upya.

Nawaomba vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko wanaounda gemu zao kwa Kiingereza wakitarajia soko la dunia: wekeni safu mbili za ziada kwenye jedwali lenu leo, moja ya anayesema na moja ya anayesemeshwa, na msiunganishe sifa na kitu ndani ya msimbo kabla ya kumuuliza mfasiri. Mtakayemtumia anaweza kuwa Mrusi wa mbali. Lakini siku mtakapotaka gemu hiyo izungumze Kiswahili, rungu nalo litadai lake.